Ukiumwa na Mbwa, Osha Kwanza, na Usimngoje Mbwa



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kuumwa na mbwa. Sisi wauguzi wa hospitali za misheni tunawapokea watu walioumwa mara kwa mara, na kila ninapowapokea naona wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wanaopanda pikipiki mara moja na kufika kwetu mate ya mbwa yangali ndani ya jeraha. Kundi la pili ni wale wanaoosha jeraha nyumbani, wakaona damu imekata, wakasema tungoje kwanza tuone huyo mbwa atakuwaje. Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yamefanya nusu ya kazi, na katika ugonjwa wa kichaa cha mbwa nusu ya kazi haitoshi. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15 palepale nyumbani, na siku hiyohiyo mtu aende kuanza chanjo. Mbwa atachunguzwa huku chanjo ikiendelea.

MATE NDIYO YA KUOGOPWA

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Paka, mbweha, nguchiro na wanyama wengine wanaonyonyesha wanaweza kuwa nacho, lakini karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu wameupata kwa mbwa. Mbwa akiuma, meno yake huingiza mate chini ya ngozi. Kirusi hukaa kwa muda karibu na pale kilipoingia, kisha hupata njia ya kuingia katika mishipa ya fahamu, na humo husafiri polepole kuelekea ubongoni.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Pengine ni wiki chache tu, pengine ni mwaka na zaidi. Aliyeumwa usoni, kichwani au shingoni yumo katika hatari ya haraka zaidi, kwa kuwa kutoka hapo hadi ubongoni si mbali. Muda huo wa safari ndio nafasi yetu. Kirusi kikiwa bado jerahani, sabuni inakiweza. Kikiwa bado hakijaingia katika mishipa ya fahamu, kinga inayoletwa na chanjo inakiweza. Kikifika ubongoni na dalili zikaanza, hatuna dawa ya kumponya mgonjwa.

Kwa sababu hiyo nasema tusilipime jeraha kwa wingi wa damu. Mbwa mgonjwa akimgusa mtu kwa ulimi mahali ambapo ngozi ni nzima kabisa, hapo panatosha kunawa. Akimkwaruza au kumdonoa kwa meno mahali pasipo nguo, hata kama damu haikutoka, mtu huyo anahitaji chanjo. Meno yakitoboa ngozi, au mate yakiingia katika kidonda, jicho au mdomo, anahitaji chanjo pamoja na dawa nyingine nitakayoieleza hapa chini. Tundu dogo la jino moja, ambalo mama hulitazama akasema “hili litapona lenyewe”, kwetu sisi liko katika daraja la juu la hatari.

Watoto hasa wahurumiwe. Wao hucheza na mbwa, uso wao uko karibu na mdomo wa mbwa, na wakiumwa huficha kwa kuogopa fimbo. Mzazi anayemchapa mtoto kwa kosa la kumchokoza mbwa anamfundisha kunyamaza siku atakapoumwa tena.

MGONJWA ASIYEWEZA KUNYWA

Sipendi kutisha watu, lakini asiyewahi kuona ugonjwa huu hawezi kujua kwa nini tunasisitiza. Nimewauguza waliofikia hatua ya mwisho. Mmoja alikuwa mkulima, mtu mzima mwenye nguvu zake. Aliletwa akilalamika kuwa mguu unamwasha na kufa ganzi mahali ambapo mbwa alimuuma miezi miwili nyuma. Kovu lilikuwa limepona vizuri kabisa. Alikuwa na homa kidogo na wasiwasi mwingi. Nilipompa kikombe cha maji, koo lake lilikaza kabla kikombe hakijagusa midomo, akatetemeka mwili mzima. Alikuwa na kiu, akiyatamani maji, na hakuweza kuyameza. Jioni, hata upepo wa mlango ukifunguliwa ulimkaza koo vilevile.

Nduguze walisema amerogwa, kwa kuwa kati ya mshtuko mmoja na mwingine alikuwa na akili timamu, akizungumza nao na kuulizia ng'ombe wake. Padri alimpa Mpako wa Wagonjwa. Komunyo hakuweza kuipokea, maana hata mate yake mwenyewe hakuweza kuyameza. Tulimpa dawa za kumtuliza, tukamweka katika chumba chenye kiza kidogo na kimya, na siku ya nne akafariki.

Hakurogwa. Aliumwa na mbwa, jeraha likafungwa kwa kitambaa juu ya majani yaliyopondwa, na hakuna aliyeleta sabuni.

KWA NINI SABUNI

Wengine huniuliza, sabuni ya kufulia itafanya nini mbele ya ugonjwa ambao hospitali yenyewe imeushindwa? Jibu ni rahisi. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevikwa utando wa mafuta. Kila mama anajua sufuria ya mchuzi haitakati kwa maji matupu, mafuta hubaki, lakini ukitia sabuni mafuta huachia. Ndivyo inavyokuwa jerahani. Sabuni huuvunja utando ule na kirusi hufa, na maji yanayotiririka hukiondoa pamoja na mate na uchafu. Hii haihitaji sabuni ya hospitali. Sabuni ya mche inatosha, sabuni ya unga inatosha, na maji yakiwa safi ya kunywa ni vizuri, lakini ya kisima pia yanafaa.

Kinachokosekana mara nyingi ni muda. Mtu humwagia maji mara mbili tatu akasema ameosha. Dakika 15 ni ndefu kuliko tunavyodhani. Asiye na saa asali Rozari matendo yote matano bila haraka huku mwenzake akimimina maji. Akimaliza, muda umetimia.

MFANO WA JUMAMOSI MOJA

Ili tuelewane, tuchukue mfano. Mtoto wa miaka minane ametumwa dukani Jumamosi saa tisa alasiri. Mbwa asiyejulikana anapita njiani, habweki, mate yanamdondoka. Anamuuma mtoto kwenye shavu la mguu, anamwachia, na mbele kidogo anamuuma mbuzi wa jirani. Mtoto anarudi akilia. Kuna matundu mawili ya meno mguuni, na mkwaruzo kwenye vidole kwa sababu alijaribu kumsukuma mbwa. Hospitali iko kilomita 40.

Mama mtu anataka pikipiki itafutwe upesi. Bibi anasema, “Mwanangu, pikipiki itafutwe na mwingine. Wewe niletee dumu la maji na sabuni.” Bibi huyo yuko sahihi kabisa. Safari ya saa mbili na mate jerahani ni saa mbili za kukipa kirusi nafasi.

Wanamkalisha mtoto juu ya kigoda, mguu ukiwa juu ya beseni tupu. Mmoja anamimina maji kwa kopo bila kukatiza, mwingine anapaka sabuni mpaka ifanye povu na kulisugua jeraha taratibu kwa vidole, akiyafungua yale matundu ili maji yaingie ndani. Anayeosha akiwa na michubuko mikononi avae glavu au mfuko wa nailoni. Jeraha likitoa damu kidogo wakati wa kuosha si vibaya. Damu ikiwa inaruka kwa nguvu, hapo kwanza libanwe kwa kitambaa safi mpaka itulie, ndipo lioshwe. Dumu la lita 20 linatosha kwa majeraha ya namna hii. Wasisahau vidole. Mara nyingi watu huosha jeraha kubwa na kusahau mkwaruzo mdogo, na kirusi hakichagui. Kama mate yangalikuwa yameingia jichoni, hapo wangetumia maji safi tupu, mengi, bila sabuni.

Baada ya kuosha, kama nyumbani kuna ayodini au spiriti wapake. Kama hakuna, waache. Wasitie majivu, pilipili, mafuta ya taa, unga wa betri, kinyesi cha ng'ombe wala majani. Vitu hivyo havimwui kirusi ndani ya nyama, navyo huleta uchafu wa pepopunda na kumchoma mtoto bure. Wasimfunge kamba mguuni kama wafanyavyo wengine kwa nyoka. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholegea, safari ianze.

Wakifika hospitali jioni, muuguzi anapaswa kuosha tena. Hapa nasema na wenzangu wa vituo vya afya pia. Mama akisema “tumeshaosha”, tumshukuru, kisha tuoshe tena dakika 15. Na tusikimbilie kushona. Uzi na sindano husukuma mate ndani zaidi. Jeraha la mbwa kwa kawaida huachwa wazi, na kama ni kubwa au liko usoni na lazima lishonwe, lishonwe kwa kulegea baada ya kutiwa dawa ya kinga.

Dawa hiyo ya kinga huitwa imunoglobulini. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza askari wake, na mafunzo hayo huchukua siku kadhaa. Imunoglobulini ni askari walio tayari, nao huwekwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe ili walinde mlango mpaka wale wengine wafike. Mtoto wetu anaistahili kwa sababu meno yametoboa ngozi. Kwa bahati mbaya si kila hospitali inayo. Ikikosekana siku ya kwanza inaweza kutolewa ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo, na ikikosekana kabisa, kuosha vizuri na kukamilisha chanjo bado ni kinga kubwa. Mtu asirudishwe nyumbani kwa sababu dawa hiyo haipo.

Chanjo inaanza Jumamosi ileile, nayo huhesabiwa kuwa siku ya 0. Sindano zinazofuata ni Jumanne, siku ya 3, na Jumamosi ijayo, siku ya 7. Hospitali zinazodunga ndani ya ngozi kwa utaratibu mfupi unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 huishia hapo. Zinazodunga msulini huongeza nyingine kuanzia siku ya 14. Mtoto afuate tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yake. Atapewa pia kinga ya pepopunda ikiwa hajakamilisha, na dawa ya kuzuia jeraha kuoza kama mganga ataona inafaa.

SIKU 10 ZA MBWA

Hapa ndipo penye kosa linalonisumbua kuliko yote. Watu wamesikia kwamba mbwa aangaliwe siku 10, nao wakaelewa kuwa mgonjwa angoje siku 10. Sivyo. Mbwa au paka ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku ile alipouma, ataonyesha ugonjwa au kufa ndani ya siku 10. Akibaki mzima, anakula na kunywa kama kawaida, basi hakuwa na kirusi katika mate siku ile, na mganga anaweza kuamua kuisimamisha chanjo. Faida ya kumchunguza mbwa ni hiyo, kupunguza sindano. Kungoja ndipo uanze ni kumpa kirusi siku 10 za kusafiri bila kizuizi.

Wapo wanaosema, “Mbwa ni wetu, tunamjua.” Mbwa wa nyumbani naye hutoka usiku na kukutana na wengine. Kama amechanjwa, njoo na cheti chake, tutakitazama, lakini njoo. Na tujue kwamba si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma hovyo. Yupo anayekaa kimya kwenye kona, taya limelegea, mate yanatoka, hawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani kuutoa. Tafadhali, usiingize mkono. Muite mtaalamu wa mifugo.

Ikiwa mbwa anafahamika na anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, afungwe na afisa mifugo aarifiwe. Ikiwa ameuawa, kama inavyotokea vijijini mara nyingi, asipondwe kichwa, maana ubongo ndio unaopimwa. Asishikwe kwa mikono mitupu. Yule mbwa wa mfano wetu ametoweka porini. Basi mtoto amalize sindano zote, na yule mbuzi aliyeumwa asichinjwe kwa siri. Taarifa yake iende kwa afisa mifugo pia.

WANAOOGOPA SINDANO

Wazee wengi wanakumbuka sindano za tumboni, kumi na nne au zaidi, siku baada ya siku. Zilikuwepo, na ziliuma. Chanjo ile ya zamani imeachwa. Ya sasa hudungwa mkononi karibu na bega, na kwa mtoto mdogo pajani. Haidungwi tumboni wala matakoni. Mama mjamzito anaweza kupewa, anayenyonyesha anaweza, na mtoto mchanga anaweza.

Wengine hawaji kwa sababu wiki mbili zimepita na wanaona aibu. Njooni. Alimradi dalili hazijaanza, hatusemi umechelewa. Tutaanza siku hiyo kana kwamba umeumwa leo.

JUMUIYA ZETU NA GHARAMA

Imebaki sababu moja ambayo haitatuliwi kwa mafundisho. Familia nyingi hutakiwa kulipia chanjo, na kila sindano ina nauli yake. Nimeona mtoto akipata sindano ya kwanza na ya pili, ya tatu hatukumwona. Baba alikuwa anatafuta fedha. Kinga iliyokatishwa njiani haiaminiki.

Jumuiya zetu ndogondogo huchangia msiba bila kuulizana. Unga unakuja, sanda inakuja, kuni zinakuja. Mimi nashauri jumuiya itenge kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya aliyeumwa na mbwa, nauli na sindano, na mweka hazina ajue kuwa fedha hiyo hutolewa siku ileile, bila kungoja kikao cha Jumamosi. Katekista wa kigango anaweza kuwa na namba ya simu ya hospitali ili aulize kwanza kama chanjo ipo, watu wasisafiri kilomita 40 na kuambiwa imekwisha. Na siku afisa mifugo anapokuja kuchanja mbwa, tangazo lisomwe kanisani baada ya Misa. Palipochanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, na sisi hospitali tunapumzika.

Najua wapo watakaosema mchango umezidi. Lakini gharama za nauli na sindano za mtoto mmoja hazifikii mchango wa mazishi yake, na fedha ya chanjo inatolewa wakati bado kuna la kufanya.

Kwa leo ningeomba kila mwenye nyumba awafundishe watoto maneno mawili: mbwa akikugusa kwa meno au kwa kucha, sema, hutapigwa. Na kipande cha sabuni kiwe mahali ambapo hata mtoto anakifikia.